Uso wa Mviringo, Nyusi Usizimalize

Mdogo wangu, sogea tuzungumze kuhusu hizo nyusi. Najua umejitazama kwenye kioo ukaziona zimejaa, na najua mkono unakuwasha. Subiri kwanza. Wenye uso wa mviringo wengi hukosea palepale: huzitinda nyembamba na kuzipinda kama nusu duara, wakidhani zikifanana na uso ndipo zitapendeza. Duara likikaa juu ya duara, mashavu huzidi kuonekana yamejaa, na binti anatoka saluni amenuna bila kujua kilichomuudhi ni nini.

Uso wako unataka nyusi yenye kona. Ipande taratibu kutoka upande wa pua, ifike kileleni ikiwa imemaliza kama theluthi mbili za urefu wake, kisha iteremke kwa mkia mfupi. Kona hiyo huufanya uso uonekane mrefu kidogo. Na unene uuache, tafadhali. Nyusi nyembamba kwenye uso mpana hupotea, yakabaki mashavu peke yake.

Usikisie kilele kilipo. Tazama mbele, chukua penseli ya wanja uisimamishe wima ubavuni mwa pua. Inapokutana na nyusi ndipo kichwa chake kianzie. Bila kuhamisha ncha ya chini, ilaze ipite ukingo wa nje wa duara jeusi la jicho: hapo ndipo kilele. Ilaze tena ipite pembe ya nje ya jicho: mkia uishie hapo. Weka alama, kisha uichore kwa wanja nyusi yote unayoitaka. Kinachobaki nje ya mchoro, upande wa chini, ndicho cha kung'oa. Juu usiguse, labda unywele mmoja uliopotea mbali. Ukiondoa juu, kilele kinashuka, na duara ulilokuwa unalikimbia linarudi.

Kibanio kitumie baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelainika. Ivute ngozi kwa kidole, ushike unywele mmoja karibu na shina, uuvute kuelekea unakoota. Ukiuvuta kinyume unaweza kukatika, kisha ukaota ndani kwa ndani na kuleta kipele. Ng'oa mbili tatu upande mmoja, hamia wa pili, halafu rudi nyuma hatua mbili ujitazame. Kile kioo kinachokuza achana nacho, maana kinakuonyesha vinyweleo ambavyo hakuna mtu mwingine anayeviona.

Nimemwona binti akizimaliza nyusi zake mkesha wa harusi ya dada yake. Aliona ya kushoto imepanda kidogo, akaipunguza. Sasa ya kulia ikaonekana nene, nayo akaipunguza, kisha akarudi kushoto. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mpaka usiku zilibaki nyuzi mbili, na kwenye picha zote anaonekana kama mtu aliyeshtuka. Alilia, masikini, na kosa lenyewe ni la kila mtu. Hakuna aliye na nyusi mbili zinazolingana sawasawa. Ukilazimisha zilingane, unazipunguza zote mbili. Nywele za nyusi hurudi polepole, zinaweza kuchukua miezi minne au zaidi, na shina linalong'olewa kila mara huweza kuchoka lisioteshe tena. Mkia wa nyusi ya huyo binti bado una pengo.

Uzi nao ni mzuri, hasa kwa vinyweleo laini vya chini na vya katikati ya nyusi. Lakini uzi unang'oa mstari mzima kwa mvuto mmoja, kwa hiyo mkono wenye haraka unaondoka na kona yako kabla hujafumbua macho. Mwambie mtindaji kabla hajaanza: "Dada, toa chini tu, unene usipunguze, kilele niachie." Akimaliza upande mmoja, omba kioo kabla hajagusa wa pili. Usione haya, nyusi ni zako. Na kama unapaka krimu kali ya chunusi au ya kuchubua, mwambie pia, tena bora uahirishe, kwa sababu ngozi iliyodhoofika huweza kubanduka kwa uzi.

Kama umeshazipunguza kupita kiasi, usijilaumu sana. Weka kibanio mbali kwa wiki sita hadi nane, uvumilie na vinyweleo vinavyochomoza ovyo, maana ndivyo vitakavyoijaza kona. Pengo lizibe kwa wanja, vistari vifupi vifupi vinavyofuata nywele zinakoelekea. Na atakayekwambia anaweza kuzirekebisha leo kwa kutoa kidogo tu, mkatalie.