Kukoma kwa Pumzi Usingizini na Mzigo Wake kwa Moyo

Kukoroma peke yake si lazima kuwe ugonjwa. Hutia shaka pale mkoromo unapokatika ghafla, kifua kikaendelea kupanda na kushuka bila hewa kuingia, kisha mlalaji akashtuka kama aliyekabwa. Wakati huo misuli ya koromeo imelegea, na ulimi pamoja na nyama laini vimeziba njia ya hewa. Kila kuziba kunakodumu sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio moja.

Katika kila tukio oksijeni ya damu hushuka, na mapigo ya moyo huweza kupungua au hata kusita kwa sekunde kadhaa. Mlalaji anapozinduka, homoni ya adrenalini humwagika, mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda na moyo huenda mbio. Aidha, juhudi ya kuvuta hewa ilhali njia imefungwa hutanua vyumba vya juu vya moyo na kukiongezea mzigo chumba kikuu cha kusukuma damu. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka, shinikizo hubaki juu hata mchana, vyumba vya juu huweza kuanza kutetemeka bila mpangilio, na misuli ya moyo hunenepa hadi ikashindwa kazi.

Tuchukue mfano wa dereva mwenye umri wa miaka 52. Anameza dawa tatu za shinikizo bila kukosa, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, lakini kipimo bado ni 164/100. Kipimo cha moyo cha saa 24 kinaonyesha mapigo yakisita kwa sekunde 4, mara kadhaa, kati ya saa 8 na saa 11 usiku tu. Kabla ya kufikiria kumpandikizia kifaa cha kuongoza mapigo, daktari anamuuliza mkewe, naye anaeleza kwamba mumewe hukoroma, hunyamaza, kisha hushtuka. Mgonjwa mwenyewe husinzia mchana na huamka na maumivu ya kichwa. Kipimo cha usingizi kinaonyesha matukio 42 kwa saa. Kuanzia 30 huitwa kiwango kikali.

Anapewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koromeo lisizibe. Baada ya miezi mitatu ya kuitumia kila usiku, kusita kwa mapigo kumetoweka na shinikizo ni 146/90. Bado liko juu, kwa hiyo dawa zinaendelea. Mashine kwa kawaida hushusha shinikizo kwa kiasi kidogo tu, tena kwa anayeivaa usiku karibu wote. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe husaidia pia, na asiendeshe gari akiwa bado anasinzia.

Kwa hiyo shinikizo lisiposhuka kwa dawa tatu, au mapigo yakivurugika usiku pekee, mhudumu aulize habari za usingizi, na amuulize pia anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe huwa hajui.