Kidevu changu na leza ya binamu

Shangazi, mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Tanga. Rangi yangu ni nyeusi tii, na nywele zangu ni nyeusi, ngumu, zinazojikunja. Ndevu zimeniota kidevuni na chini ya taya. Nanyoa kwa wembe kila baada ya siku mbili, lakini sasa nimejaa vipele, vingine vina usaha, na vikipona vinaacha madoa. Upande wa kushoto zimeanza kuchomoza nyeupe chache. Binamu yangu wa Maskati, ambaye ni mweupe wa rangi, alifanyiwa leza na kidevu chake sasa ni laini kama cha mtoto. Anataka kunitumia mashine ndogo ya kujifanyia nyumbani. Saluni moja ya hapa mjini nayo inaniambia nilipie vipindi sita kwa mkupuo, ndevu hazitaota tena maisha. Nifuate leza au niendelee na wembe wangu?
Kidevu Kilichochoka, Tanga

Mwanangu, usipime kidevu chako kwa cha binamu yako, maana leza inafanya kazi kwa kutafuta weusi. Mwanga wake unanyonywa na melanini, ile rangi iliyomo ndani ya nywele, unageuka joto, na joto hilo linaunguza mzizi. Binamu yako ana nywele nyeusi kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo mwanga unapita juu bila kugusa kitu hadi kwenye shina. Wewe melanini unayo kwenye nywele na kwenye ngozi pia. Mashine iliyomfaa yeye ikipigwa kwako, ngozi ya juu itaunyonya mwanga kabla haujafika kwenye mzizi, utoke malengelenge, na nyuma yake madoa meusi au meupe ya miezi mingi.

Hiyo haina maana kwamba ngozi nyeusi haifanyiwi leza. Maneno hayo yalikuwa na ukweli zamani, enzi za mashine za mwanzo. Siku hizi ipo leza ambayo wimbi la mwanga wake ni refu zaidi. Kwenye mashine utakuta imeandikwa Nd:YAG, na namba 1064 nm. Ile inayotumika sana kwa watu weupe, aleksandraiti, ni 755. Wimbi la 1064 halivutwi sana na melanini, na linazama ndani zaidi, hivyo linaipita ngozi ya juu kwa upole. Ubaya wake ni kwamba hata nywele linaziunguza kwa nguvu ndogo zaidi, ndiyo maana mwenye nywele nyembamba au za kahawia haoni faida kubwa. Zako ni nene na nyeusi, kwa hiyo hapo una bahati.

Zile nyeupe usizipeleke kabisa. Hazina melanini, leza haizioni, na anayekuahidi kuziondoa kwa leza anakuibia. Ziko chache; zikate kwa mkasi mdogo. Kuna njia ya sindano nyembamba ya umeme inayoua mzizi mmoja mmoja bila kujali rangi, ila kwa ngozi kama yako nayo inaweza kuacha alama, na kwa nywele chache hivyo sioni haja.

Kabla ya kutoa shilingi, jiulize kwanza: je, hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Una chunusi za utu uzima, au uzito uliopanda bila sababu? Ndevu za kidevuni kwa mwanamke mara nyingi huchochewa na homoni, na tatizo la kawaida ni lile la ovari kuwa na vifuko vingi vidogo. Nenda hospitali, daktari apime homoni kwenye damu na, akiona haja, akupige altrasaundi. Homoni zikiwa bado juu, leza itaunguza ndevu za leo, kisha malaika yaliyoko pembeni yageuke ndevu za kesho. Tena leza ya usoni yenyewe huweza kuamsha malaika hayo kwa baadhi ya wanawake, hasa wenye tatizo hilo.

Ukishajua hali yako, rudi saluni na usiwaulize bei. Waulize jina la mashine. Wakikuonyesha iliyoandikwa IPL, ondoka: hiyo ni taa ya mawimbi mengi iliyochanganywa, si leza, na kwa weusi wako ni hatari. Wakiwa na Nd:YAG, omba wapige majaribio mahali padogo chini ya taya, ukae wiki mbili ndipo muendelee, kwa sababu madoa kwenye ngozi nyeusi huchelewa kujitokeza. Baada ya kupigwa, kuvimba kidogo kuzunguka kila shina na kuhisi joto ni kawaida. Vinaisha ndani ya siku moja au mbili. Ngozi ikigeuka kijivu au nyeupe papo hapo, au maumivu yakaendelea hata baada ya kuwekewa ubaridi, waambie wasimamishe. Na kama unapaka mkorogo, au kovu kwako huwa linavimba na kukua, waambie kabla hawajawasha.

Hayo ya vipindi sita si uongo, uongo ni hayo ya maisha. Nywele haziko hatua moja kwa wakati mmoja. Leza inaua zile zinazoota tu, zilizolala zinangoja zamu yao. Ndiyo maana usoni unarudi kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa hiyo vipindi sita ni nusu mwaka hivi. Hata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inawaruhusu watengenezaji kudai kupunguza nywele kwa kudumu, si kuzimaliza. Utahitaji kurudia mara moja moja. Basi lipa kipindi kwa kipindi.

Na kunyoa hutaacha hata ukianza leza. Kwa mwezi mmoja kabla, na katikati ya vipindi, usinyonyoe kwa uzi, nta wala kibanio, kwa sababu leza inahitaji nywele iwemo ndani ya mzizi. Unanyoa tu, siku moja kabla. Wanaosema kunyoa kunanenepesha ndevu wanadanganywa na ncha butu.

Kinachokuumiza ni jinsi unavyonyoa. Nywele inayojikunja ikikatwa karibu sana na ngozi hubaki na ncha kali, ikirudi inachoma ndani, na hapo ndipo kipele kinapoanza. Achana na wembe wa makali mengi, usivute ngozi, usirudi kinyume cha uotaji. Afadhali mashine ya umeme ya kunyolea inayoacha nywele urefu wa milimita moja hivi. Ipe mwezi. Vipele vikitulia, huenda leza usiione ya lazima. Vikiendelea, Nd:YAG mikononi mwa daktari wa ngozi ndiyo ushauri wangu. Hata ndevu zisipoisha, hupungua unene na hazichomi sana.

Mashine ya binamu mwambie abaki nayo. Nyingi za aina hiyo ni IPL, na zenye kihisio zinapima rangi ya ngozi kabla ya kuwaka. Yenye kihisio itagoma kuwaka kwenye kidevu chako. Isiyo nacho itawaka, na itakuunguza.