Ushauri: Mjane wako analia mara nne, msomaji amelia mara moja

Mwanangu S.M.,

Barua yako nimeisoma pamoja na muhtasari wa sura ulioambatisha. Rasimu ya kwanza imekwisha, rafiki yako amekwama sura ya 6, na ulipomuuliza sababu alijibu tu kwamba amechoka. Unaniambia msiba wa Zuhura, mjane wa hadithi yako, ni msiba uliokupata wewe mwenyewe, na kila ukurasa uliuandika ukilia. Pole sana. Naelewa kwa nini mkono unasita kufuta.

Shida iko wapi

Tazama matukio yako. Sura ya 3, Zuhura analia ameikumbatia kanzu ya marehemu mumewe. Sura ya 4, jirani anakuja kumpa pole, analia. Sura ya 5 analia kaburini. Sura ya 6 redio inapiga wimbo alioupenda mume, analia tena. Mahali panabadilika, moyo haubadiliki. Rafiki yako hakuchoshwa na msiba. Alichoshwa na kuambiwa jambo alilokwisha kulielewa.

Usinisadiki mimi, jipime. Kwa kila tukio andika mstari mmoja: Zuhura aliingia akihisi nini, akatoka akihisi nini, na kipi kimebadilika. Kisha soma aya za mwisho za matukio hayo kwa mfululizo. Ukiweza kuzihamisha, mwisho wa hili ukauweka kwenye lile na hadithi isitikisike, basi umeandika tukio moja mara nne.

Njia zilizopo

Unauliza kama ufupishe yote manne. Ukifanya hivyo, marudio yatabaki, ila yatakuja upesi zaidi. Kuyaunganisha yawe tukio moja refu nako hakusaidii, kwani msomaji atachoka ndani ya sura moja badala ya nne.

Njia ninayokushauri ni kubakiza tukio lenye kazi, na kuokoa kutoka kwa mengine kile ambacho hadithi inakihitaji. Jirani, kwa mfano, ndiye anayefichua kwamba shemeji alionekana akitoka na bahasha ya hati ya nyumba. Habari hiyo ni ya lazima, machozi yanayoizunguka si ya lazima. Ihamishie sura ya 3: Zuhura afungue sanduku kutoa kanzu, aikute bahasha haipo. Sasa anaingia na huzuni, anatoka na shaka, na msomaji anafungua ukurasa unaofuata kutaka kujua. Sura ya 4 yote inaweza kuondoka.

La kaburini lifute kabisa. Umeandika kwamba ni wiki ya pili baada ya mazishi, na Zuhura ni Mwislamu aliye edani. Miezi minne na siku kumi mjane hutulia nyumbani, hatoki ila kwa haja. Wasomaji wako wa pwani wangekuuliza amefikaje makaburini.

La redio libaki, lakini kwa mwisho mwingine. Aanze kulia, kisha anyamaze, ainuke na kuuficha ufunguo wa nyumba. Kati yake na sura ya 3 shemeji aje na kudai chumba cha mbele. Kilio cha pili kikizaa uamuzi, hakiwi tena marudio.

Hatari za kukata

Tukio likitoka, nyuzi zake hubaki zikining'inia. Katika sura ya 11, mbele ya kadhi, Zuhura anakumbuka ahadi aliyoitoa kaburini ya kutoiacha nyumba. Kaburi likiondoka, ahadi hiyo haina mzazi. Tafuta neno «kaburi» katika mswada mzima, kisha ahadi uipeleke kwenye tukio la redio.

Hatari ya pili ni kukata kwa hasira. Si kila kinachorudi ni ziada. Uchungu unaopanda daraja, kutoka huzuni hadi shaka, kutoka shaka hadi ujasiri, unastahili nafasi yake. Angalia ile mistari ya kujipima: sehemu ya mabadiliko ikiwa tupu, kata, ikiwa na jambo, acha. Na unachokitoa kihifadhi katika faili lake, usikichome.

Neno langu kwako

Sasa nikwambie bila kuzunguka. Matukio ya jirani na ya kaburini unayoyang'ang'ania hayamlindi Zuhura, yanakulinda wewe. Ulihitaji kuyaandika ili uumalize uchungu wako, nayo yamekwisha kufanya kazi hiyo. Msomaji hana deni la kulia kila ulipolia. Ukiyabakiza, atamchoka mjane wako kabla hajamwona akisimama mbele ya kadhi, na hapo ndipo ulipotaka umfikishe. Lisilobudi hutendwa: ondoa la jirani na la kaburini, kisha mpe rafiki yule yule sura ya 3 hadi ya 7 azisome upya. Asipokwama, endelea na sura ya 8 kwa kipimo hicho hicho.