UMRI WA DENI HUHESABIWA TOKA SIKU GANI?

Mfanya biashara wa jumla wa Nairobi huwauzia wenye maduka sukari, sabuni, mbegu na mbolea kwa mkopo, na kila ankara yataka fedha zilipwe katika muda wa siku 30. Mwisho wa mwezi karani wake huandika orodha ya umri wa madeni, yaani karatasi inayoonyesha kila mdaiwa anadaiwa kiasi gani, na fedha hizo zimechelewa siku ngapi. Orodha ina mafungu matano: madeni ambayo siku yake ya kulipwa haijafika, yaliyochelewa siku 1 hata 30, siku 31 hata 60, siku 61 hata 90, na yaliyopita siku 90. Mtu mwenye deni katika fungu la mwisho hapewi mali mpaka alipe.

Basi katika mfano huu, orodha ya tarehe 30 Septemba yaonyesha ya kuwa mwenye duka mmoja wa Machakos amechelewesha Sh. 18,000 kupita siku 90. Mvua za vuli zi karibu, na wakulima wangoja mbegu dukani kwake. Yeye asema kwamba hana deni la zamani namna hiyo. Je, nani asema kweli, mtu au karatasi?

HESABU YA KARANI

Daftari la mwenye duka huyu lina ankara nne. Ankara 214 ya tarehe 10 Juni ni Sh. 18,000. Ankara 251 ya tarehe 22 Julai ni Sh. 24,000. Ankara 288 ya tarehe 20 Agosti ni Sh. 15,000, na ankara 305 ya tarehe 12 Septemba ni Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 77,000.

Tarehe 18 Septemba alipewa krediti noti ya Sh. 4,000, yaani hati ya kumpunguzia deni, kwa sababu magunia ya sukari ya ankara 251 yalifika yamelowa. Tarehe 26 Septemba alilipa Sh. 18,000 akapewa stakabadhi. Ukiondoa hizo mbili, deni lililobaki ni Sh. 55,000.

Karani aliandika hivi:

Siku haijafika: hakuna
Siku 1 hata 30: Sh. 2,000 za kutoa
Siku 31 hata 60: Sh. 15,000
Siku 61 hata 90: Sh. 24,000
Kupita siku 90: Sh. 18,000
Jumla: Sh. 55,000

Jumla ni sawa kabisa na daftari. Kwa ajili hiyo karani aliridhika, na hapo ndipo alipokosea. Jumla hushuhudia kwamba hakuna karatasi iliyoachwa nje. Haishuhudii hata kidogo kwamba kila karatasi imewekwa katika fungu lake.

KOSA LA KWANZA: SIKU YA KUANZIA

Karani alihesabu toka tarehe ya ankara. Lakini mtu aliyepewa siku 30 hawezi kuitwa mchelewaji kabla siku hizo hazijaisha. Kuchelewa huhesabiwa toka siku ya mwisho ya kulipa mpaka siku ya orodha.

Ankara 214 iliandikwa tarehe 10 Juni, nayo siku yake ya mwisho ya kulipwa ilikuwa tarehe 10 Julai. Toka siku hiyo mpaka 30 Septemba ni siku 21 za Julai, 31 za Agosti na 30 za Septemba, jumla siku 82. Karani alipata siku 112. Tofauti ya siku 30 imeisukuma ankara fungu moja zima mbele, na nyingine zote tatu zimesukumwa vivyo hivyo. Ankara 305, ambayo siku yake ya kulipwa ni tarehe 12 Oktoba, imeandikwa kana kwamba imekwisha chelewa.

Kosa hili hutambulikana upesi. Mkaguzi na achague ankara moja iliyotolewa mwezi ule ule wa orodha. Ikiwa haimo katika fungu la madeni ambayo siku yake haijafika, na mdaiwa amepewa siku 30, basi orodha yote imeanza kuhesabiwa mahali pasipostahili.

KOSA LA PILI: HATI ZILIZOTENGWA NA ANKARA ZAKE

Krediti noti na stakabadhi hazina umri wa kwake zenyewe. Kila moja huchukua umri wa ankara inayoipunguza. Karani alizipa umri wa siku zilipoandikwa, akazitia zote mbili katika fungu la siku 1 hata 30. Ndiyo sababu fungu hilo lina Sh. 2,000 za kutoa, na hesabu ya kutoa ndani ya fungu la mdaiwa mwenye ankara nyingine zisizolipwa ni alama ya kwamba kuna hati iliyopotea njia.

Krediti noti ni ya sukari iliyolowa, basi yapasa iipunguze ankara 251, ambayo imechelewa siku 40. Stakabadhi ya Sh. 18,000 ilikuja na barua fupi iliyotaja ankara 214, nayo imeimaliza. Orodha iliyo sawa ni hii:

Siku haijafika: Sh. 20,000
Siku 1 hata 30: Sh. 15,000
Siku 31 hata 60: Sh. 20,000
Siku 61 hata 90: hakuna
Kupita siku 90: hakuna
Jumla: Sh. 55,000

Jumla haikubadilika hata senti moja, lakini mtu aliyekuwa akikaribia kunyimwa mbegu ana haki ya kuzipata. Hata hivyo anayo Sh. 20,000 iliyochelewa kupita mwezi, naye aweza kuombwa ailipe.

IKIWA MLIPAJI HAKUTAJA ANKARA

Mara nyingine fedha huja bila barua. Kwa sheria ya mikataba inayofuatwa Kenya, mdaiwa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusema fedha zake zalipa deni lipi. Akinyamaza, mdai aweza kuchagua. Afadhali karani amwulize kwanza, na mpaka jibu lije aziandike fedha hizo peke yake chini ya jina la mdaiwa, mahali zinapoonekana. Kuzitia katika fungu lo lote kwa kubahatisha ni kuficha deni moja na kuzusha jingine.

CHEKI ILIYORUDISHWA

Kosa la mwisho huenda kinyume cha hayo, maana huligeuza deni la zamani kuwa jipya. Tuseme cheki imelipa ankara 214, kisha benki ikairudisha bila fedha tarehe 28 Septemba. Karani akiandika Sh. 18,000 kama deni la tarehe 28 Septemba, mdaiwa aonekana kama aliyenunua juzi. Lakini kwa kweli hakuna kilicholipwa. Ankara 214 yarudi katika daftari pamoja na siku yake ile ile ya Julai, na kuchelewa kwake ni siku 82.

Kwa hiyo mkaguzi, akiisha kulinganisha jumla na daftari, hufuata kila kiasi mpaka karatasi yake na kuuliza: hiki ni cha ankara gani, na ankara hiyo ilitakiwa kulipwa siku gani? Asipopata jibu la maswali hayo mawili, kiasi hicho hakijapata fungu lake.