Somo la mikopo ya chama kwa katuni: riba ni ya deni lipi?

Muhtasari wa warsha za vyama vya akiba huwa na mstari kama huu: "Riba: asilimia 10 kwa mwezi, mbinu za kukokotoa." Mwezeshaji aliyesimama mbele ya watu huufafanua kwa mdomo, lakini katuni haina mwezeshaji. Mwandishi wa maandishi ya katuni anapaswa kuugeuza mstari huo kuwa mtu, kiasi cha pesa na swali moja.

Kwa wakazi wa Pumwani, mtu huyo anaweza kuwa muuzaji wa mandazi karibu na soko la Gikomba.

Onyesho la 1
Picha: Mama Mandazi anapokea pesa mkutanoni.
Sauti: "Amekopa shilingi 6,000 kwa miezi 3. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi. Atarudisha ngapi?"

Onyesho la 2
Picha: Rundo la noti lisilopungua kwa miezi yote mitatu.
Sauti: "Chama hiki hutoza riba kwa mkopo wote kila mwezi. Shilingi 600 mara 3 ni 1,800. Atarudisha 7,800."

Onyesho la 3
Picha: Rundo linapungua kila mwezi.
Sauti: "Chama hiki hutoza riba kwa deni lililobaki. Mwezi wa kwanza anadaiwa 6,000, riba 600. Analipa 2,000 za mkopo, zinabaki 4,000, riba 400. Mwezi wa tatu zimebaki 2,000, riba 200. Atarudisha 7,200."

Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 600. Onyesho la mwisho lieleze pesa hizo zinakokwenda: katika chama kinachogawa faida, riba huingia kwenye mfuko na kurudi kwa wanachama kulingana na hisa zao. Hivyo Mama Mandazi mwenye hisa chache hurudishiwa sehemu ndogo tu ya alichotoa.

Sauti isizidi takriban maneno mawili kwa sekunde, na kila hesabu itajwe wakati noti zake zinaonekana. Faini za kuchelewa ziwekwe kwenye katuni nyingine. Zikichanganywa hapa, mtazamaji hudhani ni sehemu ya riba. Kwa wakazi ambao dini yao inakataza riba, liandaliwe somo tofauti la vyama vinavyokopesha bila riba. Kubadilisha jina la riba kuwa "ada" hakutoshi.

Kabla ya wachoraji kuanza kazi, maandishi yasomwe kwa wanachama wachache, kisha waulizwe: "Katika chama cha pili, Mama Mandazi atalipa ngapi mwezi wa pili?" Jibu ni 2,400, yaani 2,000 za mkopo na 400 za riba. Wengi wakijibu 2,600, wamebaki kwenye hesabu ya chama cha kwanza, na onyesho la 3 linahitaji kuandikwa upya.