Doti moja, wanunuzi wawili

Muuza kanga wa Ghubra mwenye duka la Shopify, ukurasa wa Instagram na wateja wa WhatsApp ana stoo moja tu, hata kama anauza kwa njia tatu. Siku za kukaribia Idi ndipo doti ya mwisho inaponunuliwa mara mbili: mmoja kalipia mtandaoni, mwingine kaahidiwa kwenye simu.

Anza na kipimo. Mzigo huingia kwa korja, huuzwa kwa doti. Hesabu yote iwe kwa doti, na kila mchoro na rangi yake upewe namba moja inayotumika stooni na mtandaoni. Jina kama "kanga nyekundu" halitoshi.

Tuseme umehesabu usiku, baada ya dereva kuondoka na vifurushi vya mwisho, ukakuta doti 24 za mchoro mmoja. Tatu zimeshaagizwa lakini bado ziko rafuni, moja ina doa. Zimebaki 20. Usiziweke zote mtandaoni. Duka la mtandaoni hujipunguzia lenyewe kila linapouza, lakini mauzo ya WhatsApp, na ya Instagram ambayo mara nyingi huishia huko huko, hayajulikani mpaka uyaandike kwa mkono. Ikiwa unayaandika mara moja tu kila usiku, na siku ya pilikapilika kubwa umewahi kuuza doti 5 kwa simu, basi hizo 5 zitenge. Mtandaoni andika 15. Ukiandika mara mbili kwa siku, akiba inaweza kupungua. Zikibaki 5 stooni, mtandaoni pawe sifuri, na hizo za mwisho ziuzwe kwa simu tu. Wengi huona uchungu kufanya hivi. Mimi naona ni nafuu kuliko kumrudishia mtu pesa usiku wa kuamkia sikukuu.

Kwenye Shopify hakikisha pia kisanduku cha "Continue selling when out of stock" hakina alama. Kikiwa nayo, duka litaendelea kuuza hata baada ya kufika sifuri.

Kwa wanaolipa mzigo ukifika, doti iondolewe kwenye hesabu pale oda inapothibitishwa, si pale pesa inapoingia. Mteja akiikataa mlangoni, usiirudishe mtandaoni ilhali bado imo ndani ya gari la dereva. Isubiri ifike rafuni, ifunguliwe, ikaguliwe.

Hesabu ikigoma, tazama umbo la tofauti. Stoo ikizidi mtandao kwa idadi ile ile ya oda ambazo hazijatoka, pamoja na akiba na zenye kasoro, hakuna kosa. Ikizidi maradufu, kuna aliyehesabu vipande badala ya doti. Mchoro mmoja ukipungua 2 na wa jirani yake ukazidi 2, vifurushi vimefungwa kimakosa: tafuta oda za mchoro uliozidi, uwapigie wenyewe kabla hawajakupigia.