Rundo la maombi ya manunuzi: lipunguze bila kuruka ukaguzi

Kama unashughulikia manunuzi katika taasisi ya umma pale Mulago, iwe hospitali ya rufaa au chuo, msimu huu unaujua. Mwaka wa fedha wa Uganda unafungwa tarehe 30 Juni, na fedha ya bajeti isiyotumika haivuki mwaka. Kuanzia Aprili kila idara inakumbuka mahitaji yake, na yote yanakuja mezani kwako.

Usianze kwa kumsumbua mkubwa asaini. Anza kwa kuhesabu. Kwa kila ombi andika mambo mawili tu: limekwama hatua gani, na tangu tarehe ngapi.

Tuseme unayo maombi 40. Yanayosubiri saini ya afisa masuuli ni 9. Yanayosubiri mhasibu athibitishe fedha ni 11. Hayo 20 yaliyobaki yamerudishwa idarani kwa upungufu, na hakuna anayeyafuatilia. Idara inadhani yako kwako, wewe unadhani yako kwao. Nusu ya rundo ni hiyo, na mwenye saini hahusiki nayo kabisa.

Chukua moja ulitazame. Chumba cha upasuaji kimeomba "raba ya mlango wa otoklevu, moja". Raba imechakaa, mvuke unavuja, vyombo havitakasiki sawasawa. Lakini ombi halitaji modeli ya mashine, na raba ya modeli moja haikai kwenye nyingine. Ukilipitisha hivyo, utaletewa raba isiyoingia. Ukilirudisha na neno "halijakamilika", litalala wiki mbili. Andika hivi: "Leteni modeli na namba ya mashine kutoka kwenye kibati chake, pamoja na makadirio ya bei." Kisha piga simu siku hiyo hiyo. Muuguzi anaenda kwenye mashine, anasoma kibati, kazi inaendelea.

Kuanzia hapo, kagua mlangoni. Ombi likifika, angalia kabla hujaligonga mhuri wa kupokelewa: maelezo ya kiufundi yapo? Idadi? Makadirio ya bei? Saini ya mkuu wa idara? Limo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka? Kikikosekana kimoja, aliyelileta aondoke nalo akiwa anajua anachotakiwa kurekebisha. Ni dakika chache, na ukaguzi wenyewe haujapungua. Umeusogeza mbele tu.

Kwa yale 11 ya uhasibu, usipeleke moja moja. Yapange kwa kifungu cha bajeti, kisha kaa na mhasibu muyapitie kwa mkupuo. Akithibitisha la kwanza, aliondoe kwenye salio kabla ya kugusa la pili. Hapa ndipo haraka inapoumiza watu: maombi mawili yakithibitishwa siku tofauti bila kutoa kwenye salio, yote yanaonekana yana fedha, kumbe fedha ni ile ile.

Saini nazo zina dawa yake. Omba muda maalumu, kwa mfano saa nne asubuhi Jumanne na Ijumaa, na upeleke yaliyokamilika tu. Yanayogusa wagonjwa yawe juu. Afisa masuuli akisafiri, awepo anayekaimu kwa barua inayotaja mipaka na muda. Saini ya "nimeagizwa kwa simu" usiipokee. Na aliyeomba kitu asiwe ndiye anayekiidhinisha, hata akiwa ndiye mkubwa pekee aliyebaki ofisini.

Ununuzi mkubwa unapita kamati ya mikataba pia. Ijue siku yake ya kikao na siku ya mwisho ya kupokea nyaraka. Ukichelewa siku moja, unasubiri kikao kingine.

Kuna njia mbili utakazoshawishiwa nazo. Moja ni kugawa ombi kubwa vipande vipande ili lipite njia fupi ya manunuzi madogo. Sheria ya manunuzi ya Uganda ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza. Nyingine ni kurudisha tarehe nyuma. Katika hizo mbili, mkaguzi atakukuta wewe na faili lako, aliyekuharakisha hatakuwepo.

Kila Ijumaa andika namba mbili: yaliyoingia na yaliyotoka. Yakiingia 10 kwa siku na kutoka 8, siku 20 za kazi zinakuletea rundo la 40 bila mtu yeyote kuzembea. Kwa hiyo kusafisha mara moja hakutoshi. Ukiona yaliyotoka yamepitwa wiki mbili mfululizo, rudi kwenye orodha uangalie hatua ipi imeongeza foleni, kisha ongeza mkono hapo hapo.

Yaliyozeeka kuliko yote, ulizia idara kama bado yanahitajika. Jibu likiwa hapana, yafute kwa maandishi, mkuu wa idara asaini, na mhasibu aachilie fedha iliyokuwa imeshikwa.